Grupu Yako ya Wateja Imekufa kwa Sababu Uliigeuza Duka

Wasee, leo nataka tuongee kuhusu ile grupu ya WhatsApp uliyowafungulia wateja wako. Unaijua. Ina watu mia mbili na kitu, picha yake ni nembo ya biashara, na ukiisoma kutoka juu mpaka chini ni wewe peke yako unaongea. "Mzigo mpya umefika." "Ofa ya wikendi." "Habari za asubuhi familia." Halafu kimya. Wengine wametoka polepole, na waliobaki wameinyamazisha hata hawaioni.

Sikucheki. Mimi mwenyewe niliiua grupu kama hiyo, na nusura niiue na biashara ya shangazi yangu pamoja nayo.

Shangazi huuza vifaranga wa kienyeji kilioboreshwa huko Bahati, Nakuru. Ana mashine mbili za kutotoa mayai, na kila baada ya siku 21 mashine ikifunguliwa kuna vifaranga wa kuuza. Wateja wake wengi ni watu wa kawaida: mama wa vifaranga 50, mwalimu wa 100, kijana aliyerudi nyumbani na anajaribu hasla. Mwaka wa 2021 aliniambia, "Wewe si ndiye unajua mambo ya mitandao? Nisaidie basi." Nikafungua grupu, nikatupa linki kwa Facebook na kwa kila mahali, na ndani ya wiki chache ikajaa. Wakati huo WhatsApp ilikuwa inaruhusu watu 256 tu kwa grupu moja. Nikajiona mdosi.

Ilikufa kwa miezi saba. Ya kwanza iliyoiua ni ile linki. Mtu nisiyemjua aliingia, akakaa kimya siku kadhaa, akaokota nambari za wanachama, akaanza kuwaandikia inboksi mmoja mmoja: vifaranga bei ya chini, tuma nusu ya pesa kwanza. Watu watatu walituma. Hawakuona kifaranga hata mmoja, na walipokuja kulia, walilia kwetu, kwa sababu aliwapata nyumbani kwetu.

Ya pili niliifanya kwa kidole changu. Mama mmoja aliposti picha ya vifaranga waliokufa na kuuliza kama wengine wamepata shida kama hiyo. Niliingiwa na woga. Nikamtoa, nikaposti picha ya vifaranga wazuri wa manjano. Nilidhani nimezima moto. Kumbe watu 200 walikuwa wameshaona, na kile walichojifunza siku hiyo ni kwamba hapa ukiwa na shida unafukuzwa. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza kitu tena. Shangazi alipojua, aliniambia neno moja tu, "Ungeniuliza." Niliona aibu ambayo mpaka leo bado naikumbuka.

Sasa, hii grupu ya pili ilianza mwaka wa 2022 na watu 31. Iko hai mpaka leo, na kati ya wale 31 wa kwanza, 22 bado wananunua vifaranga kwa shangazi. Tofauti haiko kwa maneno matamu wala picha safi. Iko hapa: grupu ya kwanza niliijenga ili wateja wanisikie mimi. Ya pili imejengwa ili wasikizane wao. Na hilo sikulifikiria mwenyewe. Nilifundishwa na chupa ya chanjo.

Wacha nieleze, kwa sababu hapo ndipo kila kitu kilipo. Kifaranga anahitaji chanjo ya kideri akiwa na siku kama saba hivi, halafu kurudiwa baadaye. Ukienda agroveti, chupa ndogo mara nyingi ni ya dozi 100. Wewe una vifaranga 40. Ukishaichanganya na maji, lazima vifaranga wayanywe ndani ya saa mbili hivi, maana baada ya hapo dawa inapoteza nguvu. Huwezi kuweka iliyobaki ya kesho. Kwa hiyo mtu wa vifaranga 40 ananunua dozi 100 na kumwaga 60, ama, na hii ndiyo ilikuwa inatokea, anaona ni hasara, anaruka chanjo, na kideri kikipita kinafagia boma lote.

Siku moja nilikuwa nikipeleka vifaranga na mama mmoja wa Kabazi akaniuliza, "Huku karibu hakuna mwingine amechukua hawa wa leo, tugawane chupa?" Alikuwepo. Alikuwa mwalimu anayekaa mwendo wa dakika kumi kwa boda kutoka kwake, na walikuwa hawajuani. Niliwapa nambari zao baada ya kumwuliza kila mmoja kama ni sawa. Wiki iliyofuata waligawana chupa moja, na mwezi uliofuata waligawana gari la chakula cha kuku. Nikakaa chini nikajiuliza: hawa wawili mimi nimewauzia nini hapo? Hakuna. Lakini wote wawili walirudi kununua, na mpaka leo mmoja hawezi kununua kwingine, kwa sababu vifaranga wake lazima wawe wa siku moja na wa jirani yake ndio wagawane chanjo.

Hapo ndipo uaminifu wa miaka unatoka. Mteja hakai kwa sababu anakupenda wewe. Anakaa kwa sababu akiondoka anawaacha wenzake. Kwa hiyo kabla hujafungua grupu yoyote, jiulize swali hili: wateja wangu wana kitu gani ambacho mmoja akiwa nacho, mwingine anafaidika? Sisi ilikuwa chanjo. Fundi wa cherehani anayeuza mashine anaweza kukuta ni spea na mafundi. Muuzaji wa miche ya parachichi anaweza kukuta ni kuunganisha mavuno ili mnunuzi alete lori. Kama umetafuta na hujapata kitu, basi ndugu yangu usifungue grupu. Mtu aliyenunua kava ya simu hana la kuongea na mwenzake aliyenunua kava ya simu. Mwache aende kwa amani.

Nikija kwa hatua zenyewe, ya kwanza ni mlango. Grupu ya pili haina linki ya kutupwa ovyo. Mtu anaingia akishanunua na akishachukua mzigo, na namwuliza kabla: "Tuna grupu ya wafugaji walionunua hapa. Ukiingia, wenzako wataona nambari yako. Uko sawa?" Wengine hukataa, na hiyo ni haki yao. Nambari ya simu ni data ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inataka uwe na ridhaa kabla ya kuisambaza. Lakini hata bila sheria, nilishaona nambari zinavyoweza kuliwa. Nimewasha pia ile sehemu ya mipangilio ambapo admini lazima akubali kila anayeingia.

Anayekubali namwuliza maswali matatu tu: uko wapi, una kuku wangapi, na vifaranga wako ni wa tarehe gani. Naandika kwa daftari. Ndiyo, daftari la kawaida, kurasa zimepangwa kwa maeneo: Bahati, Subukia, Njoro, Molo, Gilgil. Daftari hilo ndilo mtaji wa grupu, kwa sababu linaniwezesha kufanya hatua ya pili.

Hatua ya pili ni kumtambulisha mgeni kwa mtu mmoja. Watu wengi humtambulisha kwa wote: "Tumkaribishe mwanachama mpya!" Inakuja mikono ya kupiga makofi 30, halafu mgeni hajui aongee na nani. Mimi huandika hivi: "Huyu ni Mama fulani wa Njoro, amechukua 60 wa tarehe 4. Mzee wa Njoro sokoni, na wewe una 40 wa siku hiyo hiyo. Chanjo yenu ni tarehe 11, chupa moja inawatosha." Hapo wanajua la kuongea na tarehe ya kuongea. Mimi nimemaliza.

Hatua ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo inayowashinda wafanyabiashara wengi: nyamaza. Swali likija, moyo wako unataka kujibu haraka ili uonekane unajua na unajali. Ukifanya hivyo kila mara, unawafundisha watu kwamba majibu yanatoka kwako, na wengine wote ni watazamaji. Mwezi wa kwanza nilihesabu maswali 22, na 20 niliyajibu mimi. Grupu ilikuwa hai, lakini ilikuwa hai kama mgonjwa anayepumulia mashine. Nikienda safari siku mbili, kimya.

Nikajiwekea kanuni: nikiona swali, naweka simu chini saa moja. Dharura peke yake ndiyo hairukwi, yaani vifaranga wanakufa sasa hivi ama pesa ya mtu imepotea. Siku za kwanza hiyo saa moja ilikuwa mateso. Swali linakaa pale, bluetiki kila mahali, hakuna anayejibu, na wewe unatoa jasho. Nilichojifunza ni kuwasukuma watu polepole kwa inboksi. Kuna kijana aliandika, "Wangu wamejikusanya kona moja wanalia, shida ni nini?" Nilijua jibu. Badala ya kujibu, nilimwandikia mama wa Kabazi pembeni: "Mama, wewe mwezi jana si ulipitia hii? Mwambie ulifanya nini."

Akaingia na sauti ya sekunde arobaini. Akasema vifaranga wakijisonga chini ya jiko ama taa, wanaona baridi. Wakikimbia mbali na joto huku wamefungua midomo, joto limezidi. Na wakienda kona moja wote, angalia upande ule mwingine, kuna upepo unaingia. Kijana akaenda akakuta gunia limeng'oka ukutani. Akaligongelea. Baada ya nusu saa akaleta picha, vifaranga wametawanyika wanakula. Wasee, ningeandika hayo maneno mimi, yangekuwa ushauri wa muuzaji. Yakitoka kwa mama aliyewahi kukesha na vifaranga wake, ni ushahidi. Na yule mama, tangu siku hiyo, hahitaji kusukumwa.

Kuna kosa nililifanya hapo katikati, nalisema ili usilirudie. Niliona wanaojibu wanafanya kazi kubwa, nikaamua kuwashukuru na krediti ya shilingi 50 kwa kila jibu zuri. Wiki mbili tu. Majibu yakawa mengi ghafla, na mengi yalikuwa takataka. Mtu anajibu swali la chanjo na hajawahi kuchanja. Mbaya zaidi, wale waliokuwa wakisaidia kwa roho safi wakaanza kunyamaza, kwa sababu sasa walionekana kama wanatafuta shilingi 50. Niliifuta na nikaomba msamaha. Siku hizi shukrani yetu ni nyingine: mtu anayesaidia wengine anapigiwa simu na shangazi mwenyewe kabla mashine haijafunguliwa, "Nikuwekee wangapi?" Vifaranga wakiwa wachache, yeye hakosi. Haitangazwi, haihesabiwi, lakini watu wanajua.

Sasa kuuza. Ndani ya grupu, sisi wenyewe tunatangaza mara moja kwa kila mzunguko wa siku 21: tarehe ya kutotoa, idadi, bei. Ujumbe mmoja. Basi. Na wanachama nao wanataka kuuza mayai, jogoo, mbolea. Ukikataa kabisa wanauzia pembeni na unakuwa polisi. Ukiruhusu kila siku, maswali yanamezwa na picha za trei za mayai. Tulipiga kura tukakubaliana Ijumaa, kuanzia saa nane mchana mpaka jioni, ni soko. Siku nyingine posti ya biashara inafutwa na admini, hata ikiwa ni ya shangazi. Na imewahi kufutwa ya shangazi. Alicheka, lakini wanachama waliona kwamba kanuni ni ya wote.

Haya yote ni mazuri wakati mambo yako sawa. Grupu inapimwa siku biashara yako imeharibu. Yetu ilipimwa usiku ambao stima ilipotea vifaranga wakiwa wametoka tu kwa mashine. Ilirudi karibu alfajiri. Tuliwasha majiko, tukadhani tumewaokoa, na asubuhi wateja sita wakachukua vifaranga 300. Kwa siku tatu zilizofuata wakaanza kufa. Jioni ya siku ya tatu mwalimu mmoja akaposti picha: 23 kati ya 50, wamepangwa kwa gazeti. Chini yake aliandika maneno manne, "Shangazi, hii ni nini?"

Nilikuwa na simu mkononi. Nakiri kwamba kidole kilienda pale pale pa kufuta. Admini anaweza kufuta ujumbe wa mtu yeyote kwa wote, na hakuna wa kumzuia. Lakini safari hii nilimpelekea shangazi simu. Alisoma, akakaa kidogo, akasema, "Waambie ukweli wote. Tena usiandike wewe, wacha niongee." Akarekodi sauti. Alisema stima ilipotea usiku, vifaranga walikaa kwa baridi, na yeye alipaswa kuwazuia siku moja awaangalie kabla ya kuwatoa, hakufanya hivyo kwa sababu magari yalikuwa yameshapangwa. Akasema kila kifaranga aliyekufa wiki hiyo atalipwa na mwingine mzunguko ujao, na asiyetaka kungoja arudishiwe pesa yake kwa M-Pesa kesho yake. Hakutaja shida zake. Hakusema "samahani kwa usumbufu".

Waliokufa wote walikuwa 71. Kwa bei ya shilingi 100 kila mmoja, ni shilingi 7,100. Kwa biashara ndogo hiyo si pesa ya kuchezea. Mzunguko huo shangazi hakubaki na faida. Lakini angalia kilichotokea ndani ya grupu usiku ule ule. Mzee wa Njoro aliandika kwamba na yeye aliwahi kupata baridi kama hiyo, akaeleza alivyowapa waliobaki maji ya uvuguvugu yenye glukosi na kuongeza joto. Mama wa Kabazi akamwambia mwalimu ana jiko la ziada, atume boda alichukue. Kati ya wale sita, watano walichagua kungoja vifaranga badala ya pesa. Na mwalimu mwenyewe, yule wa picha, siku hizi ndiye admini wa pili. Shangazi ndiye alisema, "Huyo mpe uadmini. Siku nikiharibu tena, hatanificha."

Linganisha na ile picha ya yule mama niliyemtoa mwaka wa 2021. Shida ilikuwa ile ile, vifaranga waliokufa. Moja iliua grupu, nyingine iliifunga pamoja. Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo tofauti ya grupu na ubao wa matangazo: kwa grupu, mteja anaweza kukulalamikia mbele ya wengine na bado kesho yuko.

Sasa usidhani ni asali tupu. Watu wakisaidiana, pia wanapotoshana kwa roho nzuri. Kuna wakati mmoja alishauri dawa fulani ya kuharisha, akataja kipimo kutoka kichwani, na watu wanne wakaenda kuinunua. Ilikuwa dawa ambayo ukiwapa kuku wanaotaga, mayai hayafai kuuzwa wala kuliwa mpaka siku zilizoandikwa kwa paketi ziishe. Hakuna aliyekuwa amesema hilo. Tangu hapo tuna kanuni iliyobandikwa juu ya grupu: kueleza ulichokiona na ulichofanya, ruhusa, kutaja dawa na kipimo, hapana, mpaka daktari wa mifugo aongee. Tulimtafuta mmoja wa eneo hilo, akaingia kama mwanachama. Hajibu kila kitu, na hatumtarajii ajibu. Anajibu ya dawa tu, na akihitajika kwenda bomani, mwenye kuku anamlipa kama kawaida.

Kitu kingine ni ukubwa. Leo WhatsApp inaruhusu watu 1,024 kwa grupu moja, na naona watu wakijivunia kujaza. Sisi tulipofika kama 120, niligundua kitu: watu walianza kuuliza maswali yaliyojibiwa jana, kwa sababu yamesukumwa juu na hakuna wa kutafuta. Na wale wazee wetu wa kujibu walianza kuchoka. Tuligawanya kwa maeneo, grupu tatu, kila moja na admini wake kutoka pale pale. Matangazo ya mashine yanaenda kwa zote. Majibu bora tunayaandika kwa ukurasa mmoja, maneno rahisi, nao unabandikwa. Tulipogawanya, niliogopa tutapoteza joto. Badala yake, waliokuwa kimya miezi mingi wakaanza kuongea. Mtu anaogopa kuuliza mbele ya watu 120. Mbele ya 40 wa mtaa wake, anauliza.

Kuna wale watasema hii ni kazi nyingi kwa vifaranga wa shilingi mia. Kweli, ni kazi. Mimi hutumia kama nusu saa kwa siku, na siku ya kupeleka vifaranga zaidi ya hapo. Na ukitaka mauzo ya wiki ijayo, tangazo la kulipia litakufaa kuliko haya yote, maana grupu kama hii haikuleti wateja wapya haraka. Inachofanya ni kuwazuia wa zamani wasiondoke, na wao ndio huleta jirani zao. Wewe ndiye unajua biashara yako inahitaji gani.

Na usipime kwa idadi ya jumbe. Kelele si uhai. Mimi kila mwezi nachagua wiki moja, nahesabu maswali, halafu naangalia nani alijibu kwanza. Kumbuka mwezi ule wa kwanza, 20 kati ya 22 nilijibu mimi. Wiki niliyohesabu majuzi kwa grupu ya Bahati kulikuwa na maswali 18, na 13 yalijibiwa na mwanachama kabla sijagusa simu. Siku nikiona hiyo namba inashuka, najua nimeanza kuongea sana tena. Kitu cha pili naangalia kwa daftari: nani amekaa mizunguko minne bila kununua. Huyo simtumii ofa. Shangazi anampigia simu kumwuliza kuku wanaendeleaje, na mara nyingi kuna hadithi: kideri kilipita, mtoto alikuwa hospitali, chakula kilipanda bei. Wengine hurudi, wengine hapana, lakini hakuna anayepotea bila kujulikana.

Mwezi jana nilikuwa Nairobi siku nne na simu yangu ikaharibika. Zamani ningepagawa. Niliporudi nikakuta jumbe zaidi ya mia moja, nikazisoma zote nikinywa chai jikoni kwa shangazi. Mgeni wa Subukia alikuwa ameuliza mambo ya chanjo, mzee akamwelekeza, mwalimu akamtafutia mtu wa kugawana naye chupa, wakapanga siku. Jina langu halikutajwa popote. Nikamwonyesha shangazi. Akavaa miwani, akasoma taratibu, akanirudishia simu.

"Sasa wewe kazi yako imebaki gani?" akauliza.

Nikamwambia, "Kuandika daftari."

"Basi andika. Kuna wawili wamechukua leo, na wote ni wa Gilgil."